Bakuli Limechongwa au Limekandamizwa?

Katika makabati ya vyombo ya sebuleni, na katika maduka ya vitu vya kale ya Mji Mkongwe wa Unguja, si ajabu kukuta mabakuli mawili ya kioo yamekaa ubavu kwa ubavu yakiwa na nakshi moja: nyota kitakoni, vialmasi vidogo vidogo ubavuni, na mifuo mirefu inayopishana. Yote mawili yanang'aa. Muuzaji huyaita yote kristali. Lakini moja lilianza kwa pumzi ya mpuliza kioo, kisha likapelekwa kwa fundi mwingine aliyeketi mbele ya gurudumu linalozunguka akachonga nakshi hiyo mfuo baada ya mfuo, kwa saa nyingi. La pili ni kioo kilichoyeyuka kikamiminwa katika kalibu ya chuma. Mchi ukashuka, na nakshi yote ikatokea kwa mkandamizo mmoja. Bei zake hazipaswi kukaribiana hata kidogo, na chini ya taa za dukani macho peke yake huyatenganisha kwa shida.

Wanaovijua vyombo hivi hutazama mambo manne: uzito, mlio, makali ya nakshi na mishono ya kalibu. Ninachotaka kukieleza hapa ni kwamba mambo hayo manne hayajibu swali moja. Uzito na mlio hukuambia kioo kimechanganywa na nini. Makali na mishono hukuambia chombo kilifanywaje. Haya ni maswali mawili mbalimbali, na wengi wanaokosea kununua ni wale waliopata jibu la swali moja wakalifanya jibu la yote mawili.

Tuanze na kilichomo. Kioo cha kawaida, cha dirisha, chupa au bilauri ya kila siku, hutengenezwa kwa mchanga, magadi na chokaa. Kioo cha kristali, kwa maana yake ya zamani, huondolewa sehemu kubwa ya magadi na chokaa hivyo, kikatiwa potashi na oksidi ya risasi, yaani risasi ile ya madini. Aliyeifanya risasi kuwa jambo la kawaida katika vyombo vya kioo ni Mwingereza George Ravenscroft, aliyepewa hataza yake mjini London mwaka 1674. Vyombo vyake vya kwanza vilikuwa na ugonjwa wa kupasuka ufa mwembamba mwembamba mwili mzima, hadi vikawa na ukungu. Alipoongeza risasi tatizo lilitulia, na kioo kilichopatikana kilikuwa na sifa tatu zilizowafurahisha wachongaji: kilikuwa kizito, kilikuwa laini zaidi chini ya gurudumu, na kilipinda mwanga kwa nguvu hata kila uso uliochongwa ukatoa rangi za upinde wa mvua.

Uzito huo ukaingia katika siasa. Mwaka 1745 Bunge la Uingereza lilianzisha kodi ya kioo iliyotozwa kwa uzito wa malighafi. Wenye viwanda wa Kiingereza wakalazimika kufanya kuta za vyombo kuwa nyembamba, na ukuta mwembamba hauchongwi kwa kina, maana gurudumu litatokea upande wa pili. Ailandi haikuwa chini ya kodi hiyo, na mwaka 1780 iliporuhusiwa kuuza kioo nje, viwanda vilichipuka huko. Ndugu wa ukoo wa Penrose walifungua chao mjini Waterford mwaka 1783. Jina la Waterford lilijengwa juu ya vyombo vinene, vizito, vilivyochongwa kwa kina kirefu, hadi kodi ilipoifikia Ailandi nayo mwaka 1825 na kiwanda kikafungwa mwaka 1851. Kiwanda cha Waterford cha zama zetu kilianza upya mwaka 1947, kwa msaada wa mafundi kutoka Chekoslovakia.

Wakati kodi inaibana Ailandi, ng'ambo ya Atlantiki Wamarekani walikuwa wanatafuta njia ya kupata nakshi bila mchongaji. Miaka ya 1820 walianza kukandamiza kioo kwa mashine. Mwanzoni walitengeneza vishikio vya makabati na meza, kisha sahani, mabakuli na bilauri. Kiwanda kilichopata jina kubwa zaidi kilikuwa katika mji wa Sandwich, jimbo la Massachusetts, kilichoanzishwa na Deming Jarves mwaka 1825. Kazi ya kukandamiza ilikuwa ya haraka, na mtu asiye na ujuzi wa miaka mingi wa kupuliza aliweza kuifanya. Hata hivyo kwa miaka karibu 40 ya mwanzo, vyombo vingi bora vya kukandamizwa huko Marekani bado vilikuwa na risasi ndani yake. Ilikuwa mwaka 1864, mjini Wheeling, ambapo mkemia wa kiwanda aitwaye William Leighton alipata mchanganyiko wa magadi na chokaa uliokuwa mweupe kama wa risasi lakini wa bei ndogo sana. Tangu hapo risasi ikaanza kuondoka katika vyombo vya kukandamizwa. Kumbuka tarehe hiyo, kwa sababu ndiyo inayoharibu hesabu za watu wanaotegemea mlio peke yake.

Sasa tuchukue mabakuli yetu mawili. Tuseme yote ni ya upana wa sentimita 13, ya kiasi cha kutilia sukari au tende. Ukiyashika, moja katika kila mkono, huenda usione tofauti. Hapo ndipo ushauri wa kwamba kristali ni nzito huwapoteza watu. Bakuli la kukandamizwa karibu daima huwa na kuta nene, kwa sababu kioo kikiwa chembamba hupoa na kuganda kabla mchi haujakisukuma hadi kwenye pembe zote za kalibu. Unene huo hulipa kile ambacho risasi ingeongeza. Unachotakiwa kupima si uzito wa bakuli, bali uzito wa kioo chenyewe kwa nafasi kinayochukua.

Kipimo hiki kinafanyika jikoni kwa mizani ya dijitali ya kupimia unga. Pima bakuli likiwa kavu, uandike gramu zake. Kisha weka chombo kikubwa chenye maji juu ya mizani na uirudishe kwenye sifuri. Funga bakuli kwa uzi, lizamishe kwa kuliinamisha ili hewa isibaki ndani, na ulishikilie likining'inia majini bila kugusa kitako wala ubavu wa chombo. Mizani itaonyesha namba mpya. Namba hiyo ni gramu za maji ambayo nafasi yake imechukuliwa na kioo. Gawanya uzito wa kwanza kwa namba hiyo.

Tuseme bakuli la kwanza lina gramu 546 likiwa kavu, na likizamishwa mizani inaonyesha 182. Ukigawanya unapata 3.0. Bakuli la pili lina gramu 520, na majini mizani inaonyesha 208. Jibu ni 2.5. Mkononi walitofautiana gramu 26 tu, tofauti ambayo hakuna kiganja cha kuitambua. Lakini kioo cha magadi na chokaa hukaa karibu na 2.5, na sheria ya Jumuiya ya Ulaya ya mwaka 1969 ilisema kwamba kioo kinachouzwa kwa jina la kristali ya risasi kiwe na asilimia 24 ya oksidi ya risasi na uzito usiopungua 2.9, na chenye asilimia 30 kifikie 3.0. Hata mkono ukitetemeka na mizani ikakosea gramu tano, bakuli la kwanza litashuka hadi 2.9 na kidogo, nalo bado liko mbali na la pili. Kwa hiyo kipimo hiki kinastahimili makosa ya kawaida. Angalia tu vijipovu vya hewa vinavyong'ang'ania kwenye mifuo. Vipanguse kwa kidole majini, la sivyo bakuli litaonekana jepesi kuliko lilivyo.

Dukani huwezi kuomba beseni la maji, na hapo watu hugeukia mlio. Namna ya kuupata ni kuliweka bakuli juu ya kiganja kilichonyooshwa, bila kidole chochote kugusa mdomo wake, kisha kuugonga mdomo taratibu kwa ukucha. Kristali ya risasi hutoa sauti inayoendelea, inayofifia polepole. Kioo cha kawaida hutoa sauti fupi inayokatika. Sababu yake imo ndani ya kioo. Kioo kikitetemeka, chembe ndogo za sodiamu zinazotokana na magadi husogea huku na huku katika mianya yake, na kila msogeo hula sehemu ya nguvu ya mtetemo. Katika kioo cha risasi na potashi, chembe za potasiamu ni kubwa zaidi na risasi imejaza mianya, kwa hiyo misogeo hiyo ni migumu na mtetemo hudumu. Kioo cha risasi pia si kigumu sana kwa kupindika, ndiyo maana kati ya vyombo viwili vya umbo na unene mmoja, cha kristali hulia kwa sauti ya chini kidogo.

Binafsi nauamini mlio kidogo kuliko wengi wanavyouamini, kwa sababu umbo la chombo lina neno kubwa ndani yake. Bilauri fupi yenye kitako kinene hailii hata ikijaa risasi, kwa kuwa mtetemo unakufa kwenye kitako. Jagi lenye mkono hulia vibaya. Chupa ya mezani yenye shingo nyembamba haina mdomo mpana wa kutetemeka. Kwa upande mwingine, glasi nyembamba ya mguu mrefu hulia vizuri sana ingawa ni magadi na chokaa matupu. Ufa nao hubadilisha kila kitu: kristali bora yenye ufa usioonekana hutoa sauti butu yenye mkwaruzo. Hilo lenyewe ni faida, maana kabla ya kulipa pesa kwa chombo cha kale, mgongo huo wa ukucha utakuambia kama ni kizima. Kama muuzaji anajigamba kwa mlio, mwombe vyombo viwili vya umbo moja uvilinganishe. Mlio wa chombo kimoja pekee hauna cha kupimiwa.

Baada ya hapo tunaingia swali la pili, na hapa ndipo kidole cha shahada kinapofanya kazi kuliko sikio. Ili kuelewa kidole kinatafuta nini, ni lazima tuone jinsi mchongaji anavyofanya kazi. Kwanza huchora juu ya bakuli tupu mistari ya kumwongoza. Halafu, kwa ufundi wa karne ya 19, hulikandamiza bakuli kwenye gurudumu la chuma linalodondokewa mchanga na maji, na hapo mifuo mikuu hukatwa ikiwa na uso mkavu mweupe. Kisha hupitia mifuo ile ile kwenye gurudumu la jiwe laini ili kuondoa ukavu. Mwisho huisugua kwa magurudumu ya mti laini na ya kizibo, kwa unga wa jiwe-povu na unga mlaini zaidi, hadi mng'ao urudi. Siku hizi gurudumu la almasi limechukua kazi ya chuma na mchanga, lakini mfuo ni ule ule: una kuta mbili tambarare zinazokutana chini kama pembe ya herufi V.

Pale mifuo miwili inapokutana, hubaki kilele kati yake. Kilele hicho ni ukingo wa nyuso mbili zilizokatwa, na kama hakijalainishwa kwa makusudi huwa kikali. Pitisha ncha ya kidole polepole, bila kubonyeza. Kwenye kristali ya kuchongwa utahisi kilele kinakamata ngozi, na ukivuka kutoka mfuo mmoja hadi mwingine utahisi kila ukingo kwa wakati wake. Kwenye kioo cha kukandamizwa nakshi ni ile ile kwa macho, lakini kila pembe ina ulaini wa pembe ya sabuni iliyokwisha kutumiwa mara mbili. Kioo cha moto kinapogusa chuma kilicho baridi kuliko chenyewe, ngozi yake huganda mara moja, na ngozi hiyo haijipenyezi hadi ndani kabisa ya pembe kali za kalibu. Kalibu yenyewe haitakiwi kuwa na pembe kali mno, la sivyo chombo kitakwama. Na baada ya kutolewa, vyombo vingi hurudishwa motoni kidogo ili kufuta makunyanzi, na moto huo hulainisha kila ukingo uliobaki.

Ukali peke yake bado si hukumu. Tangu mwisho wa karne ya 19 viwanda vimekuwa vikisafisha kristali ya kuchongwa kwa kuizamisha katika asidi kali badala ya kuisugua kwa magurudumu. Asidi hula tabaka jembamba la uso wote, mifuo ikang'aa kwa dakika chache, lakini vilele navyo hupoteza kidogo ukali wake. Kristali nyingi ya kisasa imepitia humo, na mtu anayetafuta makali ya kukata kidole atakataa chombo halali.

Kwa hiyo mimi huenda mbele ya ukali na kutazama mifuo inaishia wapi. Chukua kioo cha kukuzia, hata kile cha bei ndogo cha kusomea, uangalie nyota ya kitakoni. Mchongaji anapokata mshale wa nyota, gurudumu huingia, hufika kina chake, kisha huinuliwa. Kwa kuwa gurudumu ni duara, mfuo hauishii ghafla. Huwa mwembamba na mfupi wa kina hadi ukatoweka kwenye ncha kali. Na kwa kuwa ni mkono wa binadamu unaoinua, mshale mmoja huzidi mwenzake kidogo. Pale kati ambapo mishale yote inakutana, utaona mmoja umevuka kituo kwa nusu milimita, mwingine haujafika. Kwenye vialmasi vya ubavuni utakuta kimoja kikubwa kidogo, mstari mmoja umepishana na mwenzake kwenye kona. Hayo si makosa ya kumpunguzia fundi bei. Ni saini yake. Kalibu haifanyi hivyo: mishale yake yote ni sawa kabisa, ncha zake ni za mviringo, na ikiwa kuna kasoro moja, kasoro hiyo hiyo itakuwa katika kila bakuli lililotoka kwenye kalibu ile. Ukiyaona mabakuli sita dukani na yote yana kasoro moja mahali pamoja, mjadala umekwisha.

Mishono nayo inatokana na lazima ya kazi. Kalibu ya kipande kimoja isingeachia bakuli lenye nakshi iliyochimbika, kwa hiyo hugawanywa sehemu mbili, tatu au nne zilizofungwa kwa bawaba. Zikifungwa, hata zikifungwa vizuri, hubaki mwanya mwembamba kati yake. Mchi unaposhuka, kioo husukumwa kwenye mwanya huo na kuacha uzi mwembamba uliotuna. Uzi huo ndio mshono, na hupanda kutoka kitakoni hadi karibu na mdomo. Ukiupata mmoja, zungusha bakuli utafute mingine. Kama kalibu ilikuwa ya sehemu tatu, mishono itakuwa mitatu na itakuwa na nafasi sawa. Mpangilio huo ndio unaotofautisha mshono na mkwaruzo wa bahati mbaya.

Watengenezaji wa kalibu walijua kwamba mshono unaonekana, nao wakaufichia njiani. Mara nyingi hupita juu ya kilele cha nakshi, ambapo macho yanatarajia mstari, au hushuka kwenye kona ya bakuli la pembe nyingi. Tafuta basi mahali ambapo nakshi haipo: kwenye mguu wa bakuli, chini ya mkono wa jagi, kati ya nakshi na mdomo, na kwenye mawimbi ya mdomo wenyewe. Shika chombo kikiwa kimeinama ili mwanga wa dirisha upite juu ya uso wake badala ya kupita ndani yake, kisha pitisha ukucha kwa kuvuka, si kwa kufuata. Ukucha utaruka kidogo sana unapokutana na uzi.

Moto wa mwisho unaweza kuufifisha mshono hadi ukucha usiuhisi, na gurudumu linaweza kuusaga. Hapo tazama upande wa ndani. Mchi unaposhuka ni lazima upande tena, na hautapanda kama sehemu ya ndani ni pana chini na nyembamba juu. Kwa hiyo bakuli la kukandamizwa lina ndani laini kabisa, iliyonyooka au inayopanuka kuelekea juu, na wakati mwingine ina makunyanzi ya baridi, mawimbi madogo yaliyotokea kioo kilipogusa mchi. Pengine utaona pia kovu dogo lililojikunja: ndipo mkasi ulipokata tone la kioo kabla ya kuanguka kwenye kalibu. Chupa ya mezani yenye tumbo pana na shingo nyembamba haiwezi kutoka chini ya mchi. Lakini inaweza kupulizwa ndani ya kalibu yenye nakshi, na hiyo ni aina ya tatu inayowachanganya watu. Itambue kwa kidole: palipotuna nje, ndani pamebonyea. Kwenye kristali ya kuchongwa ndani hakujui lolote kuhusu kilichofanywa nje.

Tukirudi kwa maswali yetu mawili, sasa tunaweza kukutana na vyombo vinavyokataa kuingia katika kundi moja. Sahani ya Sandwich ya miaka ya 1830 ina risasi, ni nzito, hulia vizuri, lakini ina mishono na uwanja wake wote umejaa vitone vidogo vidogo. Vitone hivyo viliwekwa kwenye kalibu ili kuficha makunyanzi ya baridi. Ni kioo cha kukandamizwa, na leo wakusanyaji hulipa pesa nyingi kwa ajili yake, kwa hiyo tusidhani kukandamizwa kila wakati ni unyonge. Upande wa pili kuna glasi mpya za Ulaya zilizochongwa kikweli kwa gurudumu lakini hazina risasi, kwa kuwa viwanda vingi vimeiacha. Zikipimwa majini huenda zikatoa namba iliyo karibu na ya kioo cha kawaida.

Gumu kuliko yote ni lile la katikati. Mwanzoni mwa karne ya 20, kristali ya kuchongwa ilipopendwa sana Marekani na ujira wa wachongaji ukawa mzigo, baadhi ya viwanda vilianza kukandamiza bakuli la kioo cha risasi likiwa tayari na mifuo mikuu, kisha mchongaji akapita juu yake kuiongezea ukali na kukata nakshi ndogo. Bakuli kama hilo litatoa 2.9 au 3.0 majini, litalia, litakuwa na vilele vikali na ncha zilizochongoka. Dalili yake ni tofauti ya ukali ndani ya chombo kimoja. Mfuo mkuu una sakafu yenye mviringo kidogo na mawimbi yasiyotokana na gurudumu, wakati nakshi ndogo zilizo pembeni yake zina kuta tambarare na ncha nyembamba. Mahali ambapo mchongaji hakufika, kwa kawaida karibu na kitako, hubaki kipande cha ukingo laini wa kalibu. Mtu akikuuzia hilo kama kazi ya mkono mtupu, ana nusu ya haki, na bei nayo iwe hivyo.

Kwa anayekula na kunywa kutoka vyombo hivi, jibu la swali la kwanza lina uzito kuliko la pili. Risasi iliyofungwa ndani ya kioo haimdhuru anayekunywa maji kwa dakika chache na kuosha glasi yake. Kinachoitoa ni asidi na muda. Mwaka 1991 watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, walionyesha kwamba mvinyo uliowekwa katika chupa za kristali kwa miezi huchota risasi kwa wingi mkubwa. Maji ya limau, juisi ya ukwaju, siki na achari nazo zina asidi. Kama bakuli au jagi lako limetoa 2.9 na kuendelea, liwekee maua, tende au peremende zilizofungwa kwa karatasi. Juisi ikae humo kwa muda wa mlo tu, na ya akiba iwekwe katika chupa ya kioo cha kawaida. Maziwa ya mtoto yasiingie humo kabisa.